Bakapu ya chati imekosa meseji za mwisho? Angalia lile faili la -wal

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina apu ya chati ya madereva wa malori wa Dar mpaka Tunduma. Kila kitu kinakaa kwenye simu ya mtu, SQLite, bakapu ni kwa anayetaka tu. Dereva mmoja kanunua simu nyingine, karudisha bakapu ya usiku ule ule, meseji kama mia mbili za mwisho hazipo. Nimepiga integrity_check inasema ok. Nisaidie nimechoka."

Marahaba mdogo wangu. Nimeshamjibu, ila jibu naliweka na hapa kwa sababu najua hamko wachache, na wengine wenu tatizo hili mnalo sasa hivi ila hakuna dereva aliyebadilisha simu bado.

Kwanza niseme kidogo kuhusu mimi. Apu yangu nimewatengenezea madalali wa mchele wa Mbarali, watu ambao wakiingia mashambani mtandao unapotea na bado wanataka kusoma jana walikubaliana bei gani kwa gunia. Kwa hiyo meseji inaandikwa kwenye simu kwanza, inaonekana hapo hapo, halafu mtandao ukirudi inasukumwa kwenye seva ndogo ambayo kazi yake ni kupitisha tu, ikishamfikia mwenyewe inafutwa. Niliipeleka kwenye mashindano fulani ya wabunifu pale Dar, jaji mmoja akaniuliza "sasa data za wateja mnazihifadhi wapi?" nikamwambia kwenye simu za wateja, ukumbi ukacheka. Ukumbi mzima. Sijasahau na sidhani nitasahau. Madalali bado wanaitumia, mshindi wa siku ile apu yake leo ukiifungua inazunguka tu inatafuta seva. Haya, tuendelee.

Kijana alikuwa anatumia Flutter, na SQLite ameibeba mwenyewe ndani ya apu, na amewasha WAL kama kila mtu anavyoshauriwa. Ni ushauri mzuri, WAL inamruhusu mtu asome chati wakati meseji nyingine inaingia bila skrini kukwama. Ila ukiiwasha, databezi yako sio faili moja tena. Ukiingia kwenye folda utakuta chat.db, chat.db-wal na chat.db-shm. Fikiria muuza duka anayeandika mauzo ya siku kwenye daftari la pembeni, halafu likijaa ndo anahamishia kwenye kitabu kikubwa. chat.db ni kitabu kikubwa, -wal ni lile daftari. Meseji iliyoingia dakika hii iko kwenye -wal, kwenye chat.db haijafika. (-shm ni faharasa tu ya kuisoma -wal kwa haraka, haina meseji, isikuumize kichwa.)

Sasa bakapu yake ya usiku ilikuwa inafanya nini? Inakopi chat.db, inaifunga kwa paswedi, inaipeleka kwenye Drive ya mtu. Daftari linabaki.

Nikamwambia tupige hesabu ya hizo mia mbili tuone kama inakubali. SQLite yenyewe isipoguswa inahamisha -wal ikifika kurasa 1000, na ukurasa mmoja ni baiti 4096, kwa hiyo daftari linafika kama MB 4 kabla halijahamishwa. Meseji moja ya "nimefika Makambako" unaiona ndogo, ila kwenye apu yake inagusa jedwali la meseji, faharasa ya mazungumzo, jedwali la kutafutia maneno, na ile orodha ya chati inayoonyesha meseji ya mwisho. Weka kurasa tano kwa meseji, na kila ukurasa ulioguswa unaandikwa wote kwenye -wal hata kama kilichobadilika ni herufi kumi. Elfu moja gawanya kwa tano, mia mbili. Akanyamaza kidogo, halafu akaniandikia "duh".

Na integrity_check kusema ok haikudanganya. chat.db peke yake ni databezi nzima isiyo na kasoro, ila ni ya zamani, inaishia pale daftari lilipohamishwa mara ya mwisho. Hakuna kosa linalotokea, hakuna kitu chekundu kwenye logi. Na hapa ndo vijana wengi mnapotelea, mnadhani kipimo cha afya ya faili ni kipimo cha ukamilifu wa bakapu. Kwenye laptopu pia huwezi kuliona, maana ukifunga databezi vizuri SQLite inahamisha kila kitu na kuifuta -wal, unakopi faili moja na kila kitu kipo. Kwenye simu hakuna anayefunga databezi vizuri. Android ikitaka memori inaua apu tu, na -wal inabaki pale na meseji zake.

Kwa wale mnaotumia SQLite ya Android yenyewe, kiwango cha kuhamisha huwa kinawekwa chini zaidi, kwa hiyo mtapoteza meseji chache kwa mara moja na mtachelewa zaidi kugundua. Usikariri, iulize simu: PRAGMA wal_autocheckpoint, itakujibu.

Dawa ni kuacha kukopi faili, mwambie SQLite ndo atoe nakala:

```sql
VACUUM INTO '/njia/ya/folda/nakala.tmp';
```

Hiyo inasoma kitabu na daftari kwa pamoja, kama vilivyokuwa sekunde ile, inatoa faili moja safi lisilo na -wal. Meseji zinaweza kuendelea kuingia wakati inafanya kazi, hazitakuwemo kwenye nakala lakini hazigongani nayo. Faili unalolitaja lisiwepo tayari (au liwe tupu), amri isiwe ndani ya muamala, na simu iwe na nafasi ya kutosha, chati ya MB 40 inataka karibu MB 40 nyingine. Hakikisha hilo mapema, simu za madereva zimejaa video. Na jina la .tmp nimeliweka kwa makusudi: chaji ikikata katikati unabaki na nakala nusu, kwa hiyo andika kwenye .tmp, lifungue, pitisha PRAGMA quick_check, hesabu meseji, ndo ulibadilishe jina. Ile hesabu na kitambulisho cha meseji ya mwisho viandike pembeni viende pamoja na bakapu. Siku ya kurudisha unalinganisha. Kijana angekuwa na namba hiyo angejua usiku ule ule, asingesubiri dereva alalamike.

Ila VACUUM INTO imeanza SQLite 3.27, ya 2019, na SQLite inayokuja na Android 10 kushuka chini ni ya zamani kuliko hapo, Android 11 ndo ina 3.28. Kijana yuko salama kwa sababu amebeba ya kwake. Kama unategemea ya simu, fanya kama yeye, apu itaongezeka uzito kidogo na utalala. Vinginevyo fungua faili jipya kwa ATTACH ukopi jedwali moja moja ndani ya muamala mmoja, inafanya kazi popote, inachosha tu.

Kurudisha nako kuna mtego mbaya kuliko huo. Mtu kashaifungua apu kwenye simu mpya, imeshatengeneza chat.db yake na -wal yake, halafu wewe unaiweka chat.db ya bakapu juu yake. -wal ya zamani bado ipo! SQLite ikifungua itadhani hilo ni daftari la kitabu hiki, itabandika kurasa za databezi nyingine humo ndani, na hapo ndo unapata "database disk image is malformed". Kwa hiyo funga miunganisho yote, futa chat.db-wal na chat.db-shm, ndo uweke faili, ndo ufungue. Kwa mpangilio huo huo.

Na mkisema bakapu ni hiari basi iwe hiari kweli. Android tangu toleo la 6 ina bakapu yake ya kimya kimya, inabeba na folda ya databezi mpaka MB 25, inaweka kwenye Drive ya mwenye simu. Kama hujaweka android:allowBackup="false" kwenye manifesti, chati za watu zinaweza kuwa zimeshapanda huko hujamuuliza mtu, na zikivuka MB 25 zinaacha kupanda bila kukuambia. Unamuahidi mtu siri yake inakaa mfukoni mwake halafu mstari mmoja unakuaibisha. Tuwe serious jamani.

Swali la mwisho la kijana ndo nililipenda: zile mia mbili zinarudi? Simu ya zamani dereva ameshaifuta na kuiuza, kwa hiyo -wal yake haipo. Nikamuuliza, kitambulisho cha meseji unakitoaje? Akasema UUID, inatengenezwa kwenye simu ya anayetuma kabla meseji haijatoka. Hapo nikamwambia umepona. Angetumia namba za AUTOINCREMENT, meseji namba 5012 kwenye simu ya huyu ni habari ya mizigo na kwenye simu ya yule ni salamu ya asubuhi, huwezi kuziunganisha. Kwa UUID, meseji ya kundi ni ile ile kwenye simu ya kila dereva. Kwa hiyo simu mpya inawaomba wenzake kwenye kundi "nipeni kila mlichonacho tangu tarehe fulani", na kila kinachokuja kinaingizwa hivi:

```sql
INSERT OR IGNORE INTO ujumbe (uuid, kundi, mtumaji, maandishi, muda)
VALUES (?, ?, ?, ?, ?);
```

Na safu ya uuid iwe na UNIQUE, bila hiyo hakuna cha IGNORE. Madereva watatu wakituma meseji ile ile inaingia mara moja, mtandao ukikatika Kitonga ukarudi, unaanza upya bila hofu. Tarehe ya kuanzia irudishe nyuma siku mbili tatu, saa za simu za watu haziaminiki. Na waliofuta meseji, alama ya kufutwa ibaki kwenye jedwali na isafiri pamoja na nyingine, la sivyo kitu mtu alichofuta kwa aibu zake kitafufuka kutoka simu ya jirani.

Jana usiku kaniandikia, meseji za makundi zimerudi zote, za watu wawili wawili zimerudi kwa wale ambao mwenzao bado anazo. Zisizorudi ni zile dereva aliandika akiwa hana mtandao na simu ikafutwa hazijatoka, hizo zilikuwa kwenye -wal yake tu na hakuna mwingine aliyewahi kuziona. Nimemwambia aweke onyo kwenye apu: mtu akitaka kuhama simu, ikague kwanza kama kuna meseji zinazosubiri kutumwa, imuonyeshe idadi, halafu ndo imruhusu.