Ubavu wa mwamvuli uliopinda: badilisha, usiupashe moto

"Wakuu, mwamvuli wangu mrefu uligeuzwa na upepo, ubavu mmoja ukapinda pale kwenye kiungo. Fundi akaupasha kwenye jiko la mkaa akaunyoosha. Siku ya pili umepinda tena palepale. Nifanyeje, na niweke chuma gani?"

Mkuu, kilichokuponza ni lile jiko. Mbavu hizi ni bati jembamba la chuma cha springi, limekunjwa kama mfereji, na kazi yake yote ni kupinda na kurudi. Likishaiva kuwa jekundu, ule urudi unatoka. Linanyooka bila shida, na upepo unalipinda bila shida vilevile. Waya wa kufungia nondo nao una ila hiyohiyo, ni laini mno.

Mwaka jana hapa Ujiji upepo wa ziwani uliugeuza mwamvuli wa mama yangu, ubavu ukakatika kwenye tundu la kiungo. Hapo ndipo hukatika mara nyingi, maana tundu limekwisha kupunguza chuma na mkono mfupi unasukuma papo hapo. Dawa yake ni ubavu kutoka mwamvuli mbovu. Nilipata mfu mmoja sokoni Mwanga, kitambaa kimechanika chote ila mbavu nzima. Kabla ya kulipa, shika ubavu wake na wa kwako mzima, vuta ncha zote mbili kwa kidole kimoja. Zikipinda sawa na kurudi sawa, chukua. Ukiweka laini kuliko wenzake, mzigo wa upepo unahamia kwa jirani zake, na wao ndio watakaofuata.

Pima vipande viwili, si kimoja: kutoka kichwani hadi tundu la kiungo, kisha kutoka kwenye tundu hadi ncha. Cha kwanza lazima kilingane kabisa, la sivyo mwamvuli hautafunguka vizuri. Cha pili kikiwa kirefu unakikata. Wangu ulizidi sentimita 2, nikaukata nchani, na tundu la kushonea kitambaa likaondoka na kile kipande. Chuma cha springi ukikigonga msumari kinapasuka, kwa hiyo hapo tu ndipo nilipotumia moto: sentimita 1 ya mwisho, ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe yenyewe polepole. Nikaiponda ikawa bapa, nikaitoboa. Nchani ulaini hauna madhara, kwani hapo ubavu haubebi kitu zaidi ya uzi.

Kuutoa ule wa zamani, kata nyuzi za ncha yake na za jirani zake wawili, pamoja na ule uzi unaofunga kitambaa kwenye kiungo. Funga mwamvuli nusu ili mvutano uishe. Chini ya kichwa utaona waya mwembamba umepita kwenye matundu ya mbavu zote na kusokotwa ncha. Usokotoe kwa plaizi, uvute hadi ubavu mbovu utoke, na zile nyingine uzishike kwa mkono. Zikikuponyoka zote nane utakesha. Riveti ya kiungo isugue kichwa kwa tupa, kisha isukume nje.

Riveti mpya nilitengeneza kwa waya wa shaba wa umeme, ule mmoja mzima usio wa nyuzinyuzi. Chagua unaopita tundu kwa kubana kidogo. Msumari au spoku ya baiskeli ni migumu, ukiigonga inatanua tundu kabla kichwa hakijakaa. Kabla ya kugonga, chomeka kipande cha boksi la sigara kati ya ubavu na mkono, gonga taratibu kwa nyundo ndogo huku chini pana chuma kizito, kisha lichomoe. Ile nafasi ndogo ndiyo inayokiacha kiungo kicheze. Mara ya kwanza sikuiweka, kiungo kikakaza, na mama alipofungua ubavu ukaanza kujikunja pembeni. Ikanibidi niitoe riveti na kurudia.

Spoku ina kazi yake: ubavu ukipinda katikati, mbali na kiungo, laza kipande cha sentimita 8 hivi ndani ya mfereji, funga kwa waya wa shaba pande zote mbili. Kwenye kiungo haifai, inazuia mkunjo.

Kitambaa kishone kwa uzi wa nailoni wa nyavu, mmoja mwembamba uliochambuliwa. Uzi wa pamba unaoza kwa mvua. Palipochanika weka kiraka cha kitambaa cha yule mfu, upande wa ndani. Mbavu za plastiki ngumu za nyuzi za kioo usizipigie riveti, zinapasuka kwa urefu. Na nguzo ya kati ikiwa imepinda, usianze kazi, kitelezi kitakwama tu.

Ukimaliza, fungua mwamvuli uutazame kutoka kwenye mpini. Mpindo wa ubavu mpya ulingane na wa jirani zake. Ukiona umenyooka kuliko wao huku kitambaa kimelegea, ncha ni fupi. Kitambaa kikiwa kimekaza kama ngoma upande huo mmoja, ncha ni ndefu. Fumua uzi wa ncha hiyo tu, upunguze kwa tupa kidogokidogo, utoboe tena.