Biashara imedorora, ofisi inataka tusaini: siku pungufu, likizo bila malipo na kupunguzwa kazi havifanani

Swali: "Wakuu, nipo kiwanda cha samani Vingunguti, nimetimiza miaka sita, mshahara 520,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Oda zimekata. Afisa utumishi kaleta karatasi mbili: ya kwanza ni likizo bila malipo 'hadi hali itakapotengemaa', ya pili ni kuja siku tatu kwa wiki kwa nusu mshahara. Nisaini ipi? Na hii si ndiyo kupunguzwa kazi?"

Mkuu, ile ya likizo usiisaini kama ilivyo. Ya siku tatu inasainika, ila ikirekebishwa kwanza, na marekebisho yenyewe ni sentensi chache tu.

Kupunguzwa kazi bado hakujatokea, maana ajira yako ipo. Kupunguzwa kunaongozwa na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio mapema, awape taarifa zote zinazohusika, kisha akae na chama cha wafanyakazi chenye wanachama hapo, na nyinyi msio na chama pia. Wanajadili sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, lini, na kiinua mgongo. Hiyo ya "njia za kuepuka" ndiyo sehemu halali ya kuzungumzia siku pungufu. Kwa hiyo kama chama cha TUICO kipo kiwandani kwenu, wazo la siku tatu lijadiliwe nacho mezani badala ya mfanyakazi mmoja mmoja kuitwa ofisini asaini.

Mkishindwa kuelewana kwenye majadiliano hayo, suala linakwenda kwenye usuluhishi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kabla ya mtu yeyote kuondolewa.

Sasa siku pungufu. Hapo ajira inaendelea, miaka ya utumishi inaendelea kuhesabika, mnachopunguza ni siku na malipo yake kwa muda. Mwajiri hawezi kujiamulia peke yake. Mkataba wako unasema siku sita na 520,000, na kuubadili kunahitaji mashauriano nawe na maandishi. Oda kupungua hakumpi mamlaka ya kukurudisha nyumbani bila mshahara wakati wewe upo na uko tayari kufanya kazi. Kutokuwa na kazi ya kukupa ni tatizo la biashara yake, na mshahara unaendelea kudaiwa mpaka mkubaliane vingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Wiki kwenye mwezi zinahesabiwa 4.333, kwa hiyo 520,000 inakupa kama 120,000 kwa wiki, na ukigawa kwa siku sita unapata 20,000 kwa siku. Siku tatu ni 60,000 kwa wiki, karibu 260,000 kwa mwezi. Mpaka hapo nusu mshahara kwa nusu ya kazi ni sawa.

Shida inaanza kwenye maneno. Karatasi nyingi za namna hii zinaandika "mshahara mpya wa mwezi utakuwa 260,000" halafu basi. Soma tena hiyo sentensi, maana haisemi siku tatu na haisemi kwa muda. Miezi mitatu baadaye kiwanda kikiamua kupunguza watu kweli, hesabu ya mafao itaanzia kwenye huo mshahara mpya. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, kwa aliyefikisha miezi 12 kazini. Kwa 20,000 kwa siku, miaka yako sita ni 840,000. Kwa 260,000 iliyogawanywa kwa siku sita za wiki, siku moja inashuka kuwa 10,000 na kiinua mgongo kinakuwa 420,000. Notisi nayo inapungua vivyo hivyo, na malipo ya likizo ambayo hukwenda. Watu wanakuja kulalamika wakati saini yao iko chini ya karatasi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, iandikwe hivi: "Mshahara wa msingi unabaki Sh 520,000 kwa mwezi kwa siku sita za kazi. Kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani mfanyakazi atafanya kazi siku tatu kwa wiki na kulipwa Sh 20,000 kwa kila siku. Notisi, likizo na kiinua mgongo vitahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Tarehe ya mwisho ikipita, masharti ya awali yanarudi." Tarehe ya mwisho ndiyo wanayoikwepa zaidi, nawe ing'ang'anie hiyo zaidi. Wiki nane kisha mkutane tena ni bora kuliko "mpaka itakapotangazwa". Na siku ya nne wakikuita kwa sababu oda imeingia, ilipwe.

Jua pia kwamba michango ya NSSF itafuata mshahara uliolipwa. Kwa asilimia 20, ya mwajiri na yako pamoja, itashuka kutoka 104,000 hadi 52,000 kwa mwezi.

Likizo bila malipo ndiyo ninayoiogopa. Kwa makubaliano ya kweli, kwa muda unaojulikana, haina ubaya. Lakini ya "hadi hali itakapotengemaa" inakuacha bila mshahara, bila michango, bila notisi na bila kiinua mgongo, huku kwenye vitabu ukiwa bado mwajiriwa. Mwajiri anapata faida yote ya kupunguza watu bila kulipa hata shilingi. Anachosubiri, awe amekusudia au la, ni uchoke utafute kazi kwingine na uandike barua ya kuacha. Ukiiandika, kiinua mgongo kimekwenda, na mafao ya kukosa ajira ya NSSF pia, maana ni ya aliyeachishwa na si ya aliyejiuzulu.

Usichanganye na likizo ya mwaka. Hiyo ni siku 28 zenye mshahara, na mwajiri ana haki ya kupanga uende lini. Akisema wenye siku za likizo waanze nazo wakati huu wa ukame, nenda. Angalia tu kwamba siku wanazokurudisha nyumbani kwa kukosa kazi haziandikwi kimyakimya kwenye kadi yako kama likizo uliyokula.

Ukikataa kusaini na wakakuzuia getini, andika barua fupi siku hiyohiyo: nimefika saa fulani, nimezuiwa, nipo tayari kufanya kazi, sijakubali likizo bila malipo. Ipeleke mapokezi, nakala yako igongwe muhuri. Wakigoma kugonga, itume kwa barua pepe au WhatsApp kwa afisa utumishi na usifute.

Halafu hesabu siku. Madai ya mshahara usiolipwa yanafunguliwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, kwa fomu CMA F.1. Ukiachishwa kazi na unapinga uhalali wake, ni siku 30 tu. Anayekaa nyumbani miezi minne akisubiri simu ya kiwanda anajikuta kwanza anaomba kuongezewa muda, na lazima aeleze kwa nini alichelewa. "Nilikuwa nasubiri waniite" mara nyingi haitoshi.