Tarehe 20 Mafuta Yameisha, Sukari Bado Imejaa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lindi aliniandikia: "Dada, tarehe 20 nimebaki na unga kidogo, mafuta yamekwisha kabisa, sukari kama sijaigusa. Nakosea wapi?" Anakaanga maandazi, kilo 4 za unga kwa siku, Jumapili anapumzika. Mwanzo wa mwezi alinunua mifuko minne ya unga ya kilo 25, sukari mfuko wa kilo 50 na dumu moja la mafuta la lita 20.

Mdogo wangu, ulinunua kwa kuangalia mifuko ilivyokaa dukani. Karai lako linakula vingine.

Tuanze na sukari. Mimi hapa Mikindani natia gramu 150 kwa kilo ya unga, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia andazi halina utamu. Kwa kipimo hicho kilo 4 zinataka gramu 600 kwa siku, na siku 26 za kazi hazifiki kilo 16. Wewe umenunua 50. Hela ya zile zaidi ya 30 imelala ndani, na sukari iliyolala ndani ina marafiki: chai ya jirani, uji wa watoto, mgeni wa ghafla.

Najua utaniambia sukari huadimika. Naijua hiyo kuliko unavyofikiri. Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipozuia viwanda kuvuna miwa, mwenye duka niliyekuwa nikimpelekea hela yangu kila mwezi alinijibu mbele za watu kwamba sukari iliyopo ni ya wateja wakubwa. Neno lile sijalisahau mpaka leo. Lakini nilikuwa na akiba ya wiki mbili ndani, nikaendelea kukaanga wakati wenzangu wamefunika makarai. Kwako wewe wiki mbili ni kilo 8. Weka 8, usiweke 30.

Sasa mafuta, ndiyo yanayoua mtaji wa watu wengi. Andazi linakunywa. Kwangu kilo moja ya unga hunywa karibu robo lita pungufu kidogo, tuseme mililita 200. Kilo 4 ni mililita 800 kwa siku. Juu yake kuna mafuta ya kumwaga, yale yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu lisilotulia na kuanza kufuka moshi kabla hata hujaweka andazi. Nikigawa kwa siku naona kama mililita 300. Jumla lita 1.1 kila siku. Dumu la lita 20 linakwisha siku ya 18 ya kazi, ndiyo hiyo tarehe 20 yako! Mwezi wako unataka karibu lita 29: dumu la 20 na dogo la 10. Hela ya lile dogo imekaa kwenye sukari yako.

Usichukue namba zangu kama zilivyo. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mistari ya lita ubavuni mwa dumu, uandike kila Jumamosi yamefika wapi. Ukiona yanashuka haraka kuliko yangu, angalia moto kwanza. Kipande cha donge ukikidondosha kikazama na kuchelewa kupanda, mafuta hayajapata moto, na kila andazi utakalotia hapo litakunywa kupita kiasi. Donge laini mno nalo hivyo hivyo. Na usiongeze mafuta mapya juu ya yaliyokufa, unayaharibu mapya. Chuja makombo kila yanapopoa, yale makombo ndiyo yanayoyafanya yawe meusi haraka.

Unga ni kinyume chake: usinunue wa mwezi mzima. Joto letu la pwani linatosha yai la mdudu mwekundu wa unga kuwa mdudu kamili kwa wiki tatu au nne, na mara nyingi mayai huja na mfuko kutoka dukani. Nunua mifuko miwili tarehe 1 na miwili katikati ya mwezi. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, maana unyevu hupandia hapo. Unga ukitoa harufu kali au ukikamatana kwa nyuzi kama za buibui, usiuchekeche ukadhani umepona.

Kuna mwezi utakaohitaji kuongeza. Mei 2024 barabara ya Dar ilipokatika Somanga, waliokuwa na mafuta ya siku mbili walilala njaa. Kwa hiyo usisubiri dumu likauke. Yakifika mstari wa lita 7 una kama siku 6 za kazi. Siku hiyo hiyo nenda dukani, na ukiuziwa kwa kilo kumbuka lita 20 za mafuta zina uzito wa kilo 18 na ushei, bila dumu lenyewe.