Upinzani na hatua za Lewin: namna ya kupanga insha ya maneno 2,000

Swali: Nimepewa insha ya maneno 2,000: "Eleza kwa nini wafanyakazi hupinga mabadiliko, na uoneshe hatua za modeli moja ya mabadiliko." Nimetumia modeli ya hatua tatu ya mwanasaikolojia Kurt Lewin. Rasimu imerudishwa ikiwa na maandishi mekundu pembeni: "sehemu mbili zisizojuana". Naomba mnioneshe mpango unavyopaswa kukaa.

Jibu: Msahihishaji wako amegusa penyewe. Rasimu za aina hii huorodhesha sababu za upinzani hadi ziishe, kisha huanza upya na hatua tatu, yaani kuyeyusha mazoea ya zamani, kubadilisha kazi, na kugandisha kiwango kipya, na zile sababu hazitajwi tena. Ukitaka zijuane, kila hatua ijibu jambo moja: upinzani unatoka wapi hapa, na hatua hii inaufanyia nini?

Lewin mwenyewe amekupa gundi. Katika maandishi yake ya 1947 alieleza kwamba kazi inayoonekana kutulia haikukosa nguvu ndani yake. Ziko zinazosukuma na ziko zinazozuia, na zimelingana. Fundi anayetoa vipande 50 kwa saa siku zote anavutwa juu na malipo ya kila kipande, na anavutwa chini na uchovu pamoja na macho ya wenzake wasiotaka mtu awapite. Msimamizi akiongeza msukumo peke yake, kiwango kinaweza kupanda, lakini mvutano nao unapanda. Akipunguza kinachozuia, kiwango kinapanda na mvutano unashuka. Basi upinzani ni hizo nguvu zinazozuia, na hatua tatu ni utaratibu wa kuzishughulikia. Hoja kuu ya insha yako ni hiyo.

Mpango wenyewe ungekaa hivi:

> Utangulizi (150). Hoja kuu katika sentensi mbili. Taja modeli moja tu na kisa kimoja tu.
>
> 1. Upinzani ni nini (300). Nguvu zinazosukuma na zinazozuia. Sababu mbili au tatu, si kumi.
>
> 2. Kuyeyusha (500). Kwa nini maelezo peke yake hayayeyushi. Ushahidi wa kiwanda cha Harwood.
>
> 3. Kubadilisha (450). Nani anapanga kazi mpya. Makundi manne yalivyofanya.
>
> 4. Kugandisha (250). Kiwango kipya kinashikiliwa na nini.
>
> 5. Mipaka (250). Ya ushahidi, kisha ya modeli.
>
> Hitimisho (100). Rudi kwenye hoja kuu, usilete jipya.

Hesabu hizo hazijasawazishwa kwa makusudi. Kuyeyusha kumepewa nafasi kubwa kwa sababu ndipo upinzani mwingi unapoamuliwa, ingawa watahiniwa wengi huipa hatua hiyo aya moja na kukimbilia mbele.

Kwa sehemu ya kwanza, wachukue Kotter na Schlesinger (1979). Walitaja sababu nne: mtu kulinda maslahi yake, kutoelewa pamoja na kutowaamini wanaoleta mabadiliko, kuyapima mabadiliko tofauti na wakubwa, na kushindwa kuvumilia jambo jipya. Chagua zile utakazozitumia baadaye. Kwa kisa hiki, maslahi na kutoaminiana zinatosha.

Kisa ni jaribio la Coch na French lililochapishwa 1948, kuhusu kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Lewin alikuwa mshauri wa kiwanda hicho, kwa hiyo hukitoi mbali na modeli. Wafanyakazi walilipwa kwa kipande, na lengo lilikuwa uniti 60 kwa saa. Kazi ilipobadilishwa, hata kidogo, uzalishaji ulianguka na watu waliacha kazi.

Kundi la kwanza lilikuwa wapiga pasi 18. Walizoea kupanga nguo nusu dazeni nusu dazeni juu ya kipande bapa cha kadibodi. Sasa walitakiwa kuzipanga ndani ya boksi. Badiliko ni dogo kiasi hicho. Waliitwa mkutanoni, wakaambiwa ushindani wa soko unalazimisha, wakaelezwa malipo mapya, na maswali yao yakajibiwa. Hapa ndipo wanafunzi huteleza: huandika kwamba kundi hili halikuelezwa kitu. Lilielezwa. Halikushirikishwa tu. Uzalishaji ulikwama karibu na uniti 50, malalamiko yakaanza, na asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo.

Makundi mengine yalioneshwa nguo mbili zilizofanana, moja ikiwa imeuzwa kwa bei maradufu ya nyingine. Waliambiwa waichague ile ya bei ya chini, wakashindwa. Huko ndiko kuyeyusha kwenyewe: mtu ameona kwa macho yake kwa nini gharama ishuke, hajahubiriwa. Sehemu yako ya pili iishie hapo.

Sehemu ya tatu ionyeshe kilichofuata. Wakunjaji 13 walichagua wawakilishi wa kupanga kazi mpya. Baada ya siku 14 walikuwa kwenye uniti 61. Wakaguzi wa makundi mawili madogo, watu 8 na watu 7, walishiriki wote. Mapendekezo yao yalimiminika hata mwandishi wa mkutano akapata shida kuyanakili, na uzalishaji wao ukapanda takriban asilimia 14 juu ya ule wa zamani.

Kisha leta turufu yako. Wale 13 waliobaki katika kundi la kwanza walitawanywa kiwandani, na baada ya miezi miwili na nusu wakakusanywa tena kwa kazi nyingine mpya, safari hii kwa kushirikishwa wote. Wakapanda upesi. Watu ni wale wale, kwa hiyo huwezi kusema walizaliwa wabishi.

Kugandisha usikueleze kwa maneno makavu kama "kuimarisha utamaduni". Tumia kisa: wawakilishi waliochaguliwa na wakunjaji walianza kusema "kazi yetu" na "kiwango chetu". Kiwango kipya kimeshikwa na kundi lenyewe, yaani yale macho ya wenzake yaliyokuwa yakizuia sasa yanalinda.

Kwenye mipaka uwe mkali kidogo. Makundi yalikuwa madogo, na kazi zao hazikuwa moja: kupiga pasi si kukunja, na kukunja si kukagua. Coch alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Kuhusu modeli, Cummings na wenzake (2016) wamedai kwamba Lewin aliziandika hatua tatu kwa ufupi tu, na kwamba umaarufu wa hatua hizo ulijengwa na waliomfuata baada ya kifo chake, mwaka huo huo wa 1947. Dent na Goldberg (1999) wanakwenda mbali zaidi: watu hawapingi mabadiliko yenyewe, wanapinga kupoteza kipato, hadhi au utulivu. Kundi la kwanza linawaunga mkono, maana boksi halikumuudhi mtu. Malipo ya kipande yaliyopangwa na wengine ndiyo yaliyoudhi. Sentensi hiyo iweke mwishoni mwa sehemu ya tano, ikurudishe kwenye hoja kuu bila kulazimisha.

Hatua nane za Kotter ziache nje. Swali limesema modeli moja, na ukizigusa kwa aya moja utakula maneno ya kuyeyusha. Vivyo hivyo hatua za Prochaska na DiClemente: hizo zinahusu mtu mmoja anayeacha tabia, kama kuvuta sigara, si kundi la wafanyakazi.