Kabla hujainyoa tena ile maski ya nywele

Wadogo zangu, nimefungua faili zenu za zoezi la afro na nimeona kitu kilekile katika kila moja. Picha ilikuwa ya dada mwenye nywele za asili, amesimama mbele ya ukuta wa kijivu cheupe, na kazi ilikuwa kumhamishia kwenye mandharinyuma ya bluu nzito ya usiku. Wote mmefika mahali ambapo utepe mweupe umemzunguka kichwani, na wote mmechukua njia moja kuuondoa. Mmeingia Select and Mask ya Photoshop, mkavuta Shift Edge kuelekea hasi, mkapandisha Contrast, mkaendelea hivyo mpaka afro ikageuka kofia. Nimeandika haya kwa sababu mna macho mazuri na mikono mizuri, lakini mnapambana na sehemu ambayo haina kosa.

La kwanza, chaneli. Hili mnalifahamu, kwa hiyo nitalipitia upesi. Angalieni Red, Green na Blue moja moja, mchague ile ambayo nywele na ukuta vimetengana zaidi. Kwa nywele nyeusi au za kahawia, mara nyingi ni Blue, ila huwa na chembechembe nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo ikichafuka sana chukueni Green. Rudufuni chaneli kwanza. Ukiigusa ya asili, unabadilisha rangi za picha nzima. Kisha Ctrl+I, nywele ziwe nyeupe, halafu Levels.

Hapo kwenye Levels msikimbie. Kitelezi cheusi kivutwe mpaka ukuta uwe mweusi kabisa, na cheupe kivutwe mpaka nywele za ndani zianze kuwa nyeupe, basi. Unywele mmoja pembeni mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo haujazi pikseli yote. Ikiwa unaifunika kwa asilimia 40, thamani yake kwenye maski inatakiwa iwe karibu 102 kati ya 255. Ukiulazimisha ufike 255, unywele unanenepa na kuwa kama waya. Ukiushusha ufike 0, unakatikakatika na kuwa vistari. Kijivu kile ndicho unywele wenyewe. Kung'aa kwa nywele kukikuachia matundu katikati ya kichwa, yajazeni kwa brashi nyeupe, mbali na kingo. Na kingoni, brashi iwe Overlay, Opacity asilimia 20 hivi. Kwa Overlay, nyeusi tupu inabaki nyeusi hata ukiipitia kwa rangi nyeupe, ila kijivu kinainuka kidogo kidogo.

La pili ndilo lililonifanya nikae kuandika, na nitakaa nalo kwa sababu hakuna kosa linaloharibu nywele nyingi kama hili. Tuseme maski yako imetoka sahihi kabisa, kila pikseli ina asilimia yake ya kweli. Utepe mweupe bado utauona. Mtu asiyejua sababu yake ataendelea kuilaumu maski na kuinyoa mpaka kesho.

Chukueni pikseli moja pembeni ya afro ile. Ukuta una mwangaza wa 200, nywele 30, na unywele umefunika asilimia 40 ya pikseli. Kamera haikurekodi nywele peke yake wala ukuta peke yake. Imerekodi mchanganyiko wao. Kwa hesabu iliyorahisishwa, bila kuingiza mambo ya gama:

```
0.4 × 30 + 0.6 × 200 = 132
```

Kwa hiyo rangi iliyoko ndani ya pikseli hiyo ni 132, na zaidi ya nusu ya rangi hiyo ni ukuta. Sasa weka usiku nyuma yake, wenye mwangaza wa 40. Maski ni ileile ya asilimia 40:

```
0.4 × 132 + 0.6 × 40 = 76.8
```

Lakini dada huyu angepigwa picha kweli mbele ya usiku ule, tungepata:

```
0.4 × 30 + 0.6 × 40 = 36
```

Tazameni 77 dhidi ya 36. Mwangaza umezidi mara mbili. Na kuna jambo ambalo jicho hulikamata hata kama mtazamaji hawezi kulieleza: unywele mweusi ulitakiwa uwe na giza kuliko usiku ulio nyuma yake, lakini unang'aa kuliko huo usiku. Maski imefanya kazi yake yote vizuri. Ukuta umesafiri ndani ya rangi ya pikseli, na maski haina uwezo wa kuutoa humo.

Sasa tuone mnachofanya mkinyoa. Umepandisha Contrast na pikseli yetu imeshuka kutoka asilimia 40 hadi 10. Hesabu inatoa karibu 49. Utepe umefifia, ukafurahi. Lakini unywele uliokuwa na asilimia 40 sasa una 10, yaani umepotea karibu wote, na hiyo iliyobaki bado inang'aa kuliko mandharinyuma. Mmelipa nywele zote za pembeni na deni halijaisha. Ndiyo maana afro zenu zina ukingo mgumu halafu, ukikuza hadi asilimia 200, weupe kidogo bado upo. Dalili ni hiyo: mkiona ukingo mgumu na weupe pamoja, mjue mmenyoa maski badala ya kutibu rangi.

Tiba yenyewe ni fupi. Rudisheni maski ya mwanzo, ile yenye vijivu vyake. Juu ya leya ya dada fungueni leya tupu na muifungie kwake kwa Ctrl+Alt+G, ili maski iliyopo iishike nayo. Modi ya leya hiyo iwe Darken. Chukueni Eyedropper, Sample Size iwe 5 by 5 Average, kwa sababu pikseli moja moja za nywele hudanganya. Chukueni rangi ya nywele kutoka ndani kidogo, pikseli 15 au 20 kutoka kingoni, kisha mpake kwa brashi laini kuelekea nje, kwenye zile nyuzi.

Kwa nini Darken? Kwa sababu inashusha tu kilicho cheupe kuliko rangi unayopaka. Pikseli ya 132 inashuka kuwa 30, na pikseli ya nywele iliyokuwa 20 haiguswi. Pitisheni hesabu tena: asilimia 40 ya 30, jumlisha asilimia 60 ya 40, ni 36. Hatujaongeza unywele hata mmoja na hatujaondoa hata mmoja, ila zote zimerudi mahali pake. Kama picha ingekuwa kinyume, nywele nyepesi kutoka mandharinyuma meusi kwenda kwenye mwanga, modi ingekuwa Lighten kwa sababu hiyohiyo.

Rangi moja haitoshi kichwa kizima. Upande uliopigwa taa una kahawia yenye joto, na chini karibu na shingo ni weusi mzito. Mkipaka weusi mmoja kila mahali, kichwa kitaonekana kimechorwa kwa makaa. Chukueni sampuli mpya kila mnaposogea. Na msiingie ndani ya nywele na brashi hiyo, maana Darken itazima mng'ao halali wa mikunjo.

Decontaminate Colors inafanya wazo hilohilo kwa kujiendesha. Inaingiza rangi ya nywele kwenye pikseli za kingo. Kwa kuwa inabadilisha pikseli zenyewe, toeni matokeo kama New Layer with Layer Mask ili picha ya asili ibaki chini salama. Inasaidia nywele zilizonyooka mbele ya ukuta mtulivu. Kwa afro huwa inavuta rangi ya ngozi ya sikio na kuipaka kwenye nywele za jirani, kwa hiyo kagueni kila mara karibu na masikio na shingo.

La tatu ni zile sehemu za kati, mahali nywele si nyuzi moja moja wala si kichwa kizima: mikunjo imelegea na ukuta unaonekana nyuma yake kama kwenye chandarua. Mnazipaka nyeupe kwenye maski, halafu vipande vya ukuta vinabaki vimening'inia usiku kama vidirisha vyenye taa. Sehemu hizo zinatakiwa kubaki na vijivu vyake, na leya ya Darken ipite hapo pia, kwa brashi yenye Flow ya asilimia 10 hivi. Ukibaki na kidirisha kimoja ambacho rangi haikukitibu, kishusheni kwenye maski kwa Lasso yenye Feather ya pikseli 1, hicho tu.

Nywele ndogo za kwenye paji la uso ziacheni kabisa. Nyuma yake kuna ngozi na ngozi inasafiri pamoja na dada, kwa hiyo hapo hakuna kingo ya kukata. Nimeona maski zimeingia mpaka kwenye paji na usiku unaonekana juu ya nyusi.

La nne ni la kabla ya yote. Kama mna RAW, shusheni Sharpening hadi 0 kabla ya kufungua picha, mtaiongeza mwisho. Kunoa huchora mstari mweupe kando ya kitu cheusi, na mstari huo si nywele wala si ukuta, kwa hiyo hesabu yote niliyoitoa hapo juu inavurugika. JPEG nayo mara nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya maelezo ya mwangaza kila upande, ndiyo maana rangi ya ukuta huvuja hadi pikseli ya jirani. Ikiwa mteja ana JPEG tu, tegemeeni kupaka upana zaidi kidogo.

Zile nyuzi ambazo kweli zimepotea mnaweza kuzichora, leya mpya, brashi ya pikseli 1 au 2 yenye kusikia mkandamizo wa kalamu, zikifuata mkunjo wa jirani zao. Lakini zije mwisho, na ziwe chache. Katika faili zenu nyuzi nyingi mlizochora zilikuwa zipo kwenye picha ya asili, mlizinyoa wenyewe dakika kumi kabla.

Kabla ya kunitumia tena, wekeni chini ya dada leya tatu za rangi tupu, nyeusi, kijivu cha kati na nyeupe, mziwashe moja moja mkiwa kwenye asilimia 100. Juu ya nyeusi mtaona mabaki ya ukuta, juu ya nyeupe mtaona mahali mlipopaka weusi kupita kiasi. Kisha fungueni Info kwa F8, mpitishe kishale kwenye nyuzi za pembeni juu ya ule usiku. Popote namba ya unywele inapozidi namba ya usiku ulio kando yake, na hakuna taa upande huo, rudini kwenye leya ya Darken, msiguse maski.