Ufa kwenye picha hauna saizi

Swali la wiki: "Nikimtumia fundi picha nikaandika tu 'angalia hii', kinakosekana nini wakati kila kitu anakiona?"

Mi ni fundi uashi, na picha ninazotumiwa kuliko zote ni za nyufa za ukuta. Unaamka unakuta ukuta mweupe, mstari mweusi katikati, chini yake "fundi angalia hii". Naangalia kweli, naikuza, naigeuza, halafu nakaa pale na simu mkononi sijui nijibu nini.

Kwanza saizi siioni. Ukipiga kwa karibu sana, kiufa chembamba kama unywele kinajaa kioo kizima unadhani nyumba inagawanyika, ukirudi nyuma hatua nne, ufa unaoingia penseli unakuwa kama uzi. Na kwetu sisi hapo ndo penye tofauti yote, maana ufa wa chini ya milimita 1 mara nyingi ni plasta tu imekauka ikasinyaa, unaziba unapaka rangi, lakini ukifika milimita 5 na kuendelea naacha kuwaza plasta naanza kuwaza msingi. Weka tu sarafu au penseli pembeni ya ufa kabla hujapiga, hiyo kwangu ni rula tosha.

Halafu juu na chini. Hili watu wengi hawalijui, ila ufa ulio mpana juu na mwembamba chini kwa kawaida unaniambia upande mmoja wa ukuta unazama, ukiwa mpana chini basi katikati ndo kumeshuka. Sasa picha haina dirisha, haina sakafu, na labda simu ilishikwa kwa ubavu, nitajuaje juu ni wapi?

Kuna dada alinitumia moja ya hivyo, ufa umekaa mshazari, unaonekana mwembamba, na ningetaka kujibu haraka ningemwambia ni plasta hiyo, ziba. Nikamuuliza, dada hapo ni sehemu gani ya nyumba? Akasema unaanzia kona ya dirisha la chumbani. Kwa nje upo? Akazunguka akanipigia nyingine, kumbe nje unashuka kama ngazi, unafuata maungio ya tofali moja baada ya jingine, hapo nikajua si plasta tena, ni ukuta wenyewe. Nikamwambia ajaribu penseli, juu ikaingia chini ikakataa. Umeanza lini? Kama mwezi hivi, akaongeza kwamba hata dirisha siku hizi halifungi vizuri, jambo ambalo yeye hakuona kama linahusiana na ufa. Nikauliza la mwisho, ardhi ya nje kwenye hiyo kona ikoje, akajibu imelowa muda wote hata mvua isiponyesha. Bomba lilikuwa linavuja chini kwa chini, linalainisha udongo, kona inazama. Tukaanza na bomba, tukasubiri ukuta utulie, ndo ufa ukazibwa. Maswali hayo yalitula siku mbili nzima kwenye simu, na majibu yote alikuwa nayo yeye tangu asubuhi ile ya kwanza.

Na kitu ambacho picha moja haiwezi kukibeba kabisa ni kama ufa unatembea au umelala, na kwa kweli hicho ndo kinaniogopesha kuliko upana. Ufa wa milimita 3 ambao umekaa vile vile miaka kumi hauninyimi usingizi, ila wa milimita 2 ulioanza wiki iliyopita nataka kuujua. Chora nukta mbili kwa penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali wa nukta hadi nukta, andika tarehe hapo hapo ukutani ndo upige picha. Rudia baada ya wiki mbili na tena baada ya mwezi, unitumie zote pamoja. Kwenye udongo wa mfinyanzi endelea hata mwaka, maana unasinyaa kiangazi na kuvimba masika, nyufa zinafunguka na kujifunga.

Kwa hiyo badala ya "angalia hii" niandikie hivi: "Fundi, ufa kona ya juu ya dirisha, ndani na nje, juu penseli inaingia, umeanza mwezi uliopita, dirisha linakwama, nataka kujua kama ni hatari kulala humo." Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu mwingine anataka bei tu, mwingine anauliza kama awatoe watoto chumbani usiku huo, na picha zao zinafanana.

Bado kuna nyufa ambazo lazima nije. Ila kabla sijaja, gonga plasta kwa kidole pande zote mbili za ufa, ikilia kama debe tupu imeachana na ukuta, ikilia nzito bado imeshika, niandikie umesikia ipi.