Mwalimu mstaafu, lea vifaranga mpaka wafike mwezi mmoja

Walimu wengi ninaowafahamu huku Morogoro wakishastaafu hufikiria bodaboda ya kukodisha, duka la rejareja au kuku wa mayai. Mimi nawashauri kazi ndogo zaidi ambayo nami naifanya nyumbani: kununua vifaranga chotara wa siku moja, kuwalea wiki nne, kuwachanja, kisha kuwauzia majirani. Mkupuo hauguswi. Pensheni ya mwezi inatosha kuanzia.

Soko lipo, na sababu yake ni chanjo. Chupa ya chanjo ya kideri huwa na dozi 100 au zaidi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi tena, ni ya saa chache tu. Mama mwenye kuku kumi haoni sababu ya kuinunua. Matokeo yake kideri kikipita mtaani, banda linabaki tupu. Ukimletea vifaranga waliokwisha kuchanjwa, umemwondolea mzigo huo pamoja na usiku wa kuhangaika na joto.

Ila chanjo haionekani kwa macho. Kifaranga aliyechanjwa na asiyechanjwa wanafanana kabisa, kwa hiyo mnunuzi ananunua neno lako. Hapo ndipo jina la mwalimu linapofanya kazi kuliko mtaji. Mimi kila kundi nalifungulia ukurasa wa daftari: tarehe ya kupokea, tarehe za chanjo, vifo. Mnunuzi anaondoka na nakala iliyoandikwa kwa mkono.

Ratiba ninayofuata ni hii: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28. Chanjo ya mahepe hutolewa kiwandani siku ya kuanguliwa, hivyo uliza kabla ya kulipa. Kwenye duka la dawa za mifugo nenda na chupa ya chai yenye barafu, maana chanjo ikipata joto njiani utakuwa unawanywesha maji matupu. Maji ya bomba yenye klorini nayo huiua. Tumia ya kisima safi au ya mvua. Waondolee maji saa moja au mbili kabla, ili wakipewa yenye chanjo wote wanywe na yaishe ndani ya saa mbili.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Zungushia ubao mwembamba uwe duara, kwa sababu kwenye kona hubanana na kufa, kisha tandaza maranda makavu. Joto linatakiwa kuwa kama nyuzi 32 hadi 35, halafu unalipunguza kila wiki. Ukikosa kipimajoto, tazama vifaranga wenyewe. Wakirundikana kwenye jiko, wanasikia baridi. Wakilikimbia huku wamefungua midomo, joto limezidi. Waliotawanyika wakila na kulala ovyo wako sawa. Jiko la mkaa liingie ndani likiwa limeshakolea, na juu pawe na nafasi ya hewa kutoka, maana hewa ya mkaa huua kimyakimya, wewe mwenyewe ukiwamo ukilala humo.

Kuanzia wiki ya tatu angalia kinyesi. Ukiona damu, ni koksidia, na mara nyingi chanzo ni maranda yaliyolowa karibu na vyombo vya maji. Badilisha maranda siku hiyohiyo na umwone mtaalamu wa mifugo wa kata akupe dawa.

Sasa hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo weka za kwenu. Chukulia vifaranga 100 kwa shilingi 2,000 kila mmoja: 200,000. Chakula cha kuanzia, mifuko miwili ya kilo 50 kwa 75,000: 150,000. Mkaa, chanjo na maranda: 50,000. Jumla ni 400,000. Wakifa 6 na ukauza 94 kwa 5,500, unapata 517,000, yaani faida ya 117,000. Wakifa 15, faida inashuka hadi 67,500. Ukibaki na chini ya 73 umepata hasara. Ndiyo maana sipendi mtu aanze na 500: vifo vya usiku mmoja vitameza pensheni ya miezi.

Chukua oda na kianzio kabla ya kuagiza, kwani kifaranga aliyepitisha wiki ya tano bila mnunuzi anakula faida yako kila siku. Kati ya kundi na kundi acha banda wiki mbili, limeoshwa na kupuliziwa dawa. Kuku wako wa kienyeji wasikaribie, na wateja wachague wakiwa nje.

Mwisho wa ile nakala naandika siku ya chanjo ya ndui, kwenye wiki ya 6 hadi ya 8. Hiyo huchomwa kwenye bawa, na kuku wakati huo wako kwa mnunuzi. Wakiwa kadhaa mtaa mmoja, nawapangia siku moja wachangie chupa.